Mablanketi Hayazuii Trela

Nyumba ilikuwa Section 58, Nakuru, na kwa macho haikuwa na kasoro: sebule ya mita 6 kwa 5, dari la mita 3, tailsi zinazong'aa na madirisha mapana. Tulitaka kurekodi mahojiano humo. Kabla ya kulipa, tulikwenda kusikiliza siku ya kazi, saa ile ile ya mahojiano, kwa kuwa barabara ya A8 ya Jumapili asubuhi haifanani na ya Jumanne, matrela ya Malaba yakifuatana.

Tulianza kwa kupiga kofi moja. Lilijibiwa kwa mlio mkali unaotetemeka: sauti ilikuwa ikirushwa kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Chumba cha namna hii, kikiwa kitupu, huendelea kuvuma kwa karibu sekunde 4. Ukitundika mita 20 za mraba za mablanketi mazito na magodoro nje ya picha, mvumo hushuka hadi sekunde 1 hivi, na maikrofoni ikikaribia mdomo wa msemaji, maneno husikika vizuri. Mwangwi basi haukututisha.

Kilichotutisha ni barabara. Mrindimo mzito wa lori hupita kwenye kioo na chini ya mlango, na blanketi haliupunguzi hata kidogo. Tuliweka maikrofoni mahali pa kiti cha mgeni, mwenzangu akaongea kawaida, kisha tukanyamaza bila kugusa mitambo. Palipotulia, mazungumzo yaliuzidi ukimya kwa desibeli 35. Trela lilipopita, zilibaki 15. Chini ya 25 mimi sikubali, maana mhariri akikata sentensi, mrindimo nao hukatika na kila mtu husikia.

Kusogeza kiti nyuma kusingetosha. Ukiongeza umbali maradufu kutoka kwa jenereta moja lililo uwanjani, unapunguza desibeli 6. Barabara ndefu yenye magari mfululizo hukupa kama 3 tu.

Siku hiyo hakukusikika jenereta lolote, kwani stima ilikuwapo. Lakini nyuma ya ukuta wa duka jirani palikuwa na masizi ya moshi. Tukamuuliza mlinzi, "Mzee, stima ikipotea hapa inakuwaje?" Akatuelekeza kwa mwenye duka, naye akakubali kuwasha jenereta lake. Dizeli ya silinda nne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hunguruma kwenye hezi 50, kisha 100 na 150. Kichujio cha hezi 80 huiondoa ile ya kwanza. Zinazobaki zimeingia ndani ya sauti ya mwanamume, hazing'oleki bila kuijeruhi.

Tuliiacha sebule, tukachukua chumba cha kulala cha nyuma, ambacho nyumba nzima inakikinga dhidi ya barabara na kabati la nguo limefunika ukuta mmoja. Tofauti ilipanda hadi desibeli 28 matrela yakipita. Kwenye mkataba tuliandika kwamba stima ikikatika kazi inasimama, na saa hizo hazihesabiwi kwenye kodi.