Muhtasari Usioegemea Upande

Tuseme chama cha wakulima wa mpunga Mngeta kinabishana kwa barua pepe: wauze mpunga Juni, mara baada ya kuvuna, au waufungie ghalani hadi Januari bei ipande? Barua zimefika thelathini, na mwenyekiti, ambaye ndiye mwamuzi, hana muda wa kuzisoma. Katibu anamwandalia ukurasa mmoja. Tutajuaje kama ukurasa huo ni mzuri?

Mimi huanza na vitenzi. Ukikuta "mhasibu anaeleza" na "afisa ugani anadai", katibu ameshahukumu. Wote na waseme tu. Kisha natafuta idadi. "Wengi wanataka kuuza" ni maneno ya hatari, maana huenda barua kumi na mbili kati ya hizo thelathini ni za mtu mmoja mwenye bando la kutosha. Wahesabiwe watu, na waliokaa kimya waandikwe kuwa hawajajibu, si kwamba wamekubali.

Kipimo kigumu zaidi ni mtu wa katikati. Mtunza ghala ameandika kwamba mpunga uhifadhiwe, ila ule wenye unyevu unaozidi asilimia 14 uanikwe kwanza, la sivyo utavunda. Muhtasari dhaifu humweka kwa wapinzani wa kuhifadhi, kwa sababu barua yake imejaa tahadhari. Muhtasari mzuri huandika: anakubali, kwa sharti hili. Sharti hilo ndilo litakalomfaa mwenyekiti, kwani linamwonyesha kazi ya kufanya kabla ya kufunga ghala.

Halafu kuna ugomvi ambao si ugomvi. Mhasibu anasema bei ya sasa ni shilingi 72,000 kwa gunia. Afisa ugani anasema ni 60,000, na barua sita zinapotelea hapo. Katibu hodari anarudi kuuliza: gunia lipi? Kumbe mmoja anahesabu lumbesa la kilo 120, mwingine gunia la kilo 100. Kwa kilo ni shilingi 600 kote kuwili. Anaandika bei kwa kilo, anataja chanzo cha tofauti, anaendelea. Tofauti halisi inabaki wazi: mhasibu anataka madeni ya pembejeo yalipwe sasa, malori yakiwa bado yanapita kabla mvua hazijaharibu barabara, ilhali afisa ugani yuko tayari kungoja bei ya Januari. Hapo hakuna hesabu ya kusuluhisha, na katibu asijaribu.

Kabla muhtasari haujamfikia mwenyekiti, kila upande upewe usome sehemu yake tu, ujibu swali moja: hivi ndivyo ulivyosema? Anayetaka kuongeza hoja mpya aiandike kwa jina lake na tarehe. Na mwenyekiti akitaka kujua katibu mwenyewe anaonaje, jibu liende kwenye karatasi nyingine.