Futa Jumamosi Moja, Si Historia Nzima

Fundi cherehani amemwachia mtoto simu Jumamosi nzima. Jumatatu anafungua YouTube akitafuta mikato ya magauni, na ukurasa wa mwanzo umejaa katuni za matrekta. Wengi wakifika hapo hufuta historia yote. Sishauri hivyo, na sababu iko katika namna mfumo unavyopima mtu.

Mwaka 2016 wahandisi wa YouTube walichapisha maelezo ya mashine yao ya mapendekezo. Ilichukua video zisizozidi 50 ulizotazama karibuni na mambo yasiyozidi 50 uliyotafuta, ikageuza kila kimoja kuwa safu ya namba, kisha ikapiga wastani. Wastani huo ulikuwa sehemu kubwa ya "wewe". Mfumo umebadilika sana tangu hapo, lakini hesabu yenyewe inafundisha: mtoto akitazama katuni 30, kati ya zile 50 za karibuni fundi amebakiwa na 20 tu. Miezi yake ya kujifunza kukata kola imezidiwa na siku moja.

Basi kinachopaswa kuondoka ni siku hiyo. Fungua myactivity.google.com/product/youtube ukiwa umeingia kwa akaunti ileile, bonyeza Delete, chagua Delete custom range, weka tarehe ya Jumamosi mwanzo na mwisho. Njia hii inafuta yaliyotazamwa pamoja na yaliyotafutwa. Anayefuta video tu, moja moja, huacha maneno "katuni za trekta" kwenye historia ya utafutaji, na hayo nayo huchangia mapendekezo. Kama fundi naye alitazama mafunzo siku hiyo, yataondoka pia, hasara ndogo.

Akifuta yote na kuzima historia, hapati mapendekezo safi. Tangu Agosti 2023, akaunti ambayo historia yake imezimwa na haina rekodi ya kutosha ya nyuma huonyeshwa ukurasa wa mwanzo mtupu, wenye kisanduku cha kutafutia na menyu.

Kufuta nako kuna mpaka. Utafiti wa Mozilla wa 2022, uliohusisha watu zaidi ya 22,000, ulikuta kwamba kuondoa video kwenye historia kulizuia asilimia 29 tu ya mapendekezo yasiyotakiwa. Kitufe cha Not interested kilizuia asilimia 11. Kilichofanya vizuri kuliko vyote ni Don't recommend channel, asilimia 43, nacho pia hakikufika hata nusu.

Kwa hiyo matrekta yakirudi baada ya siku chache, usifute tena. Angalia orodha ya chaneli ambazo akaunti imejiunga nazo na video zilizowekewa dole gumba, kwa sababu kufuta historia hakugusi hizo. Vidole vya watoto hubonyeza kila kitu. Ondoa chaneli ya katuni hapo, na zile zinazoendelea kujipenyeza uzizuie kwa Don't recommend channel. Siku nyingine, kabla ya kumpa mtoto simu, sitisha historia kwanza, na ukirudishiwa ukumbuke kuiwasha.