Namba Inayosafiri

Upembuzi yakinifu ulioandikwa vizuri ni kazi ya mikono kamili, na uzuri wake nauona pale namba iliyotoka kwenye sehemu ya ufundi inapoonekana ikifanya kazi kwenye sehemu ya fedha.

Tuchukue ripoti ya mwanafunzi wa ujasiriamali anayepanga kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida. Mashine yake inakamua kilo 200 kwa saa. Kwa saa 8 kwa siku na siku 250 kwa mwaka, itahitaji tani 400 za mbegu. Wengi hapo huzidisha kwa bei ya mafuta, wakaandika faida. Mwenye ufundi huuliza kwanza mbegu zitapatikana lini. Singida huvuna alizeti mara moja kwa mwaka, na miezi michache baada ya mavuno mbegu huadimika na bei hupanda. Basi mzigo wa mwaka mzima sharti ununuliwe ndani ya msimu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 800 kwa kilo, hizo ni shilingi milioni 320, na bei ya mashine inakuwa jambo dogo kando yake.

Mwenye mtaji wa kuendeshea wa milioni 40 atanunua tani 50, ambazo mashine itazimaliza kwa takriban mwezi mmoja na nusu. Akitaka kununua tena kabla msimu haujaisha, sharti fedha ya mafuta irudi haraka, na hapo sehemu ya soko inapata swali lake la kweli. Dodoso la kuuliza watu kama wanapenda mafuta ya alizeti halisaidii kitu, wanayapenda. Mwenye duka aulizwe analipa lini. Akilipa baada ya siku 60, msimu utakuwa unaisha fedha ikiwa bado mikononi mwake.

Napenda pia mwanafunzi asiyeamini kipeperushi cha muuza mashine, akapeleka gunia moja likakamuliwe mbele ya macho yake na kupima kinachotoka. Kilo 100 zikitoa mafuta kilo 22 badala ya 28, zaidi ya lita 6 zimebaki ndani ya mashudu, nazo zitauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Sehemu ya uongozi huandikwa kwa uvivu: mchoro wa vyeo, meneja juu. Lakini katika biashara hii fedha taslimu nyingi hutoka mlangoni, kwenye mzani. Ripoti nzuri inasema nani anapima, nani anakagua takataka na unyevu wa mbegu, na kwamba mtu mwingine kabisa ndiye analipa na kuandika daftari.

Ripoti ya namna hiyo inaweza kuhitimisha kwamba kiwanda cha tani 400 hakiwezekani kwa mtaji huo, ila kuna njia: kununua tani 50, na siku zinazobaki kuwakamulia wakulima mbegu zao kwa ada. Mapato kwa kilo yatakuwa madogo, lakini mbegu hizo hazidai hata shilingi moja ya mtaji.