Mstari Uliofutika: Kuhamisha Orodha za Marejeleo kutoka Kurasa Zilizoskaniwa

Kuhamisha orodha ya marejeleo kutoka kurasa zilizoskaniwa hadi mtindo mmoja wa urejeleaji huchukuliwa na wengi kuwa kazi ya ukarani. Picha ya ukurasa hupitishwa kwenye programu ya kutambua herufi, matini yanayopatikana hukatwa ingizo kwa ingizo, kisha kila ingizo huvalishwa vazi moja: jina, mwaka, anwani ya kitabu, mahali na mchapishaji. Anayehakiki matokeo hutafuta makosa ya tahajia, kwa mfano “Kezi1ahabi” ambapo tarakimu imechukua nafasi ya herufi. Makosa ya namna hiyo yanaudhi, lakini hayadanganyi, kwa kuwa jicho huyaona na mkono huyasahihisha. Makala haya yanajadili makosa mengine, ambayo hayaonekani kwa sababu ingizo linalotokea ni kamilifu kwa umbo ila si kweli kwa maudhui. Hoja ni kwamba mengi kati yake huzaliwa pale ambapo orodha ya awali ilisema jambo kwa mpangilio wa ukurasa, si kwa maneno, na mpangilio huo ukapotea kabla haujasomwa.

Mfano ulio wazi ni mstari mrefu unaosimama badala ya jina la mwandishi linalorudiwa. Katika orodha zilizopigwa kwa taipureta, na katika majarida mengi yaliyofuata, mwandishi hutajwa kwa jina katika kazi yake ya kwanza tu. Kazi zinazofuata huanza kwa mstari. Chukua kurasa mbili zilizotungwa hapa kwa ajili ya mjadala, ingawa vitabu vyenyewe ni vya kweli. Chini ya ukurasa wa 112 yapo maingizo haya:

```
Mohamed, M.S. 1972. Kiu.
______. 1976. Nyota ya Rehema.
```

Na juu ya ukurasa wa 113:

```
Mohamed, S.A. 1980a. Utengano.
______. 1980b. Dunia Mti Mkavu.
```

Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed ni wanariwaya wawili wa Zanzibar, na msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuwachanganya. Programu haina ujuzi huo. Kwanza, mstari wenyewe huenda usifike kabisa katika matini. Tesseract, programu huria inayotumiwa sana kwa kazi hii, hutafuta mistari mirefu ya mlalo na kuiondoa kabla ya kutambua herufi, kwa sababu kwa kawaida mistari hiyo ni ya majedwali au mapambo ya ukurasa. Linalobaki ni nukta na mwaka: “. 1976. Nyota ya Rehema.” Pili, ni desturi ya wasafishaji wa matini kufuta mstari wa kwanza wa kila ukurasa ili kuondoa kichwa kinachojirudia, yaani jina la jarida na namba ya ukurasa. Iwapo ukurasa wa 113 haukuwa na kichwa hicho, kinachofutwa ni ingizo la Utengano pamoja na jina la mwandishi wake.

Hatua ya tatu ndiyo inayokamilisha madhara, nayo hufanywa kwa nia njema. Msafishaji anaona ingizo lisilo na mwandishi, anajua kwamba mahali hapo palikuwa na mstari, na analijaza kwa jina la mwisho lililotajwa. Hivyo Dunia Mti Mkavu inaandikwa kwa jina la Mohamed, M.S. Jina la mwisho ni sahihi, mwaka ni sahihi, anwani ni sahihi, na mtindo umefuatwa hadi nukta ya mwisho. Mwanafunzi wa uzamili atakayechukua ingizo hilo katika hifadhidata hana sababu ya kulitilia shaka, na msimamizi wake, akiona “Mohamed”, huenda naye akapita.

Dalili ya kosa hilo ipo, ila huhitaji kutafutwa. Katika mfano huu ni herufi “b” katika 1980b. Herufi hiyo haiwezi kusimama peke yake. Mahali penye 1980b pasipo 1980a pana ingizo lililopotea au lililohamia kwa mwandishi mwingine. Dalili ya pili ni hesabu. Maingizo yahesabiwe kwa jicho kwenye picha, ukurasa kwa ukurasa, na idadi iandikwe kabla programu haijaendeshwa. Ukurasa mmoja huchukua muda mfupi, na tofauti ya ingizo moja tu yatosha kumrudisha mtu kwenye picha.

Mstari uliofutika nao huacha alama, iwapo matokeo hayakuchukuliwa kama matini matupu. Amri ifuatayo huagiza jedwali ambamo kila neno hubeba mahali pake kwenye picha:

```
tesseract uk112.png uk112 -l swa+eng --psm 4 tsv
```

Safu ya `left` huonyesha umbali wa neno kutoka ukingo wa kushoto kwa pikseli. Taipureta ya kawaida iliyopiga herufi kumi kwa inchi, ikiskaniwa kwa pikseli 300 kwa inchi, huipa kila herufi pikseli 30. Mstari wa herufi sita, nukta moja na nafasi moja huusukuma mwaka hadi pikseli 240 kutoka pambizo ya matini. Sehemu ya ingizo iliyoendelea mstari wa pili, ikiingizwa ndani kwa nafasi tano, huanzia pikseli 150. Kwa hiyo tarakimu nne za mwaka zinazoanzia karibu na 240, zisizo na neno lolote kushoto kwake, ni ingizo jipya lililopoteza mstari wake. Neno linalogusa pambizo ni ingizo jipya lenye jina. Na neno lililo karibu na 150 ni mwendelezo wa ingizo lililotangulia. Skani iliyopinda huvuruga vipimo hivi, na ukurasa hauna budi kunyooshwa kwanza. Matini yaliyopangwa kiwandani, ambamo upana wa herufi hutofautiana, huhitaji kipimo chake, lakini kanuni ni ileile: nafasi tupu nayo ni sehemu ya ingizo.

Kutokana na hayo, yafaa kila rekodi iwe na tabaka mbili zisizochanganywa. La kwanza ni nakala ya kilichochapwa, mstari ukiwa mstari. La pili ni tafsiri, pamoja na mahali tafsiri hiyo ilikotoka:

```
chapa:     ______. 1976. Nyota ya Rehema.
mwandishi: Mohamed, M.S. (mstari; ingizo la 41)
```

Mtindo mmoja utolewe kutokana na tabaka la pili, na upangaji wa kialfabeti ufanywe baada ya mistari yote kujazwa. Anayepanga kabla ya kujaza huikusanya mistari yote mahali pamoja katika orodha, na kila mmoja huwa umeachana na mwandishi wake daima.

Suala la majina ni gumu zaidi, kwa kuwa hapa hata ukurasa uliosomeka vizuri hautoshi. Mitindo inayotumiwa na majarida hudai “jina la ukoo” litangulie, ilhali katika majina mengi ya Waswahili jina la mwisho ni la baba au la babu. Sharti la kugeuza hutimizwa kwa umbo tu. Ndiyo sababu Shaaban Robert hupatikana chini ya R katika orodha moja na chini ya S katika nyingine. Kuchagua mojawapo na kuishika ni uamuzi halali wa mhariri, mradi uandikwe. Lisilo halali ni kuendeleza ulinganifu huo hadi kwenye tahajia. Mohamed Said Abdulla, aliyeandika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na Abdilatif Abdalla, aliyeandika Sauti ya Dhiki (1973), hukaa jirani kialfabeti. Kanuni ya kusawazisha inayodhani kuwa u na a ni tofauti za upigaji chapa huwapa jina moja watu wawili wasiohusiana.

Kosa kinyume cha hilo ni kutenganisha mtu mmoja. Said Ahmed Mohamed ametia saini riwaya na tamthilia zake kwa jina hilo, na amechapisha makala za kitaaluma kwa jina la Said A.M. Khamis. Katika orodha moja, kwa hiyo, anaweza kuwa chini ya M na chini ya K. Mtu anayejua hayo hushawishika kuyaunganisha, na kishawishi hicho kinaeleweka. Hata hivyo, msomaji anayekwenda maktaba na “Mohamed” mkononi hatalikuta jina hilo juu ya makala yaliyochapishwa kwa jina la Khamis. Urejeleaji ni maelekezo ya mahali kazi ilipo. Nasaba ya mwandishi ni elimu nyingine. Jina libaki kama lilivyochapishwa, na utambulisho uwekwe katika uga wake, ambao hauonekani katika orodha inayochapishwa lakini huwezesha kazi zote za mtu mmoja kukusanywa.

Herufi a na b zinarudi hapa kwa sura nyingine. Katika mfano wa juu orodha ilitanguliza Utengano, nayo ikawa 1980a. Mtindo wa APA huzipanga kazi za mwaka mmoja kwa alfabeti ya anwani, na kwa mujibu wake Dunia Mti Mkavu ndiyo 1980a. Programu hutekeleza mabadiliko hayo bila kosa. Lakini makala ambayo orodha ilitolewa humo bado yanasema “Mohamed 1980a” katika mwili wake, na sasa hoja iliyojengwa juu ya Utengano inaelekeza kwenye riwaya nyingine. Mitindo mingi haioni tatizo hili, kwa sababu huchukulia kwamba orodha na matini huandikwa pamoja. Orodha ikihamishwa peke yake, herufi ya awali haina budi kuhifadhiwa katika tabaka la kwanza. Vivyo hivyo mwaka: Kusadikika ilitoka 1951, lakini mhakiki aliyenukuu kutoka chapa ya baadaye alitoa namba za kurasa za chapa hiyo. Kusahihisha mwaka kuwa 1951 ni kumpeleka msomaji kwenye kurasa ambazo huenda zisiwe na nukuu.

Yapo pia maingizo yasiyoweza kukamilishwa. Tuseme fungu la kurasa zilizoskaniwa linaanza na ukurasa wa 113, ule wa 112 haukuskaniwa, na mstari wa juu kabisa ni mstari mrefu unaofuatwa na mwaka na anwani. Mhamishaji anayekijua kitabu anaweza kumtaja mwandishi kwa usahihi, na afanye hivyo katika tabaka la pili, akionyesha kwamba jina limetoka kwenye jalada la kitabu na si kwenye orodha. Asiyekijua aiache nafasi ya mwandishi tupu, ingizo litoke na pengo lake, na namba ya picha iandikwe kando ili anayeushika ukurasa wa 112 ajue pa kuanzia.