Anza na Ubavu

Mnunuzi wa Pangani au Muheza anayetafuta laptopu ya mtumba Tanga mjini mara nyingi hutangulizwa picha kwenye simu, na maneno machache: "ThinkPad safi, bei maelewano." Fundi anayejua kuisoma picha hiyo hahangaiki na maneno, wala na kibandiko cha prosesa. Kibandiko hubanduliwa kwa ukucha, na kibodi hubadilishwa kwa bisibisi. Matundu ya ubavuni hayabadilishwi kirahisi hivyo, kwani ganda limekatwa kuyafuata. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito kuliko mwingine wote.

Chukua mfano wa T470 ya mwaka 2017 na T480 ya 2018, mashine zinazofanana kama mapacha. Kibodi huondoa za zamani tu: T440 ya 2013 haina vitufe vitatu juu ya padi ya kugusa, ilhali hizi mbili zinavyo. Bawaba nazo huondoa iliyofuata. Ukitazama nyuma, kati ya bawaba mbili, utaona ukingo wa betri ya kuchomoa. T490 ya 2019 haina, kwa kuwa betri yake imefichwa ndani. Kati ya pacha hawa wawili, wa kuwatenganisha ni ubavu wa kushoto. T470 ina tundu la chaja la mstatili lenye pini katikati, ambalo mtu mwenye haraka hudhani ni la USB. T480 haina tundu hilo: ina matundu mawili madogo ya USB-C karibu na bawaba, na chaja huingia humo. Tofauti hiyo ya milimita chache ina thamani, kwani T480 nyingi zina prosesa ya kizazi cha 8 yenye kori nne, na T470 ina kori mbili.

Mtu atasema picha yaweza kuwa ya mashine nyingine. Kweli, na hakuna jicho linaloziba pengo hilo, ila muuzaji akiombwa apige upya, karatasi yenye tarehe ya leo ikiwa kando ya ubavu, ujanja huo humwia mgumu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba baadhi ya T480 zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Hapo matundu yanataja modeli na kunyamaza. Kibodi ya Kijerumani, yenye Z mahali pa Y, nayo hueleza soko ililotengenezewa mashine, si umri wake. Wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, omba picha tatu: ubavu wa kushoto, nyuma kwenye bawaba, na kioo kikiwa kimewashwa kwenye matokeo ya amri hii:

```
msinfo32
```

Soma mstari wa Processor: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-7200U ni cha 7. Muuzaji akikataa kupiga hiyo ya tatu, tafuta nyingine.