Saa Kumi na Mbili, Geti la Lodoare

Lami inayotoka Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hukatisha Karatu na kukomea kwenye geti la Lodoare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Geti hilo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Dereva yeyote wa utalii pale Karatu anazijua saa hizo, na ndiyo maana magari hutoka mjini kukiwa bado giza. Sentensi inayolieleza jambo hili ni fupi, wala haina neno gumu. Lakini ukiipa modeli ndogo ya kutafsiri ambayo bado haijanolewa, jibu linaweza kuwa hili:

```
Chanzo:  Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni.
Sahihi:  The gate opens at 6 a.m. and closes at 6 p.m.
Modeli:  The gate opens at 12 a.m. and closes at 12 p.m.
```

Mgeni aliyelala lojini Karatu akisoma mstari wa tatu ataelewa kwamba geti hufunguliwa usiku wa manane na kufungwa adhuhuri. Kiingereza chake kimenyooka kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Kosa la sarufi humshtua msomaji akauliza, ila kosa la saa humpita kimyakimya.

Naisifu hapa kazi ambayo watu wengi huiona ya pembeni katika ufundi huu: kukaa na sampuli ya tafsiri na kuzisoma moja baada ya nyingine, kwa jicho la mtu anayezijua lugha zote mbili na anayelijua geti lenyewe. Kunoa modeli siku hizi si siri. Unachukua modeli iliyokwisha kujifunza lugha nyingi, kama M2M-100 iliyotolewa mwaka 2020 na ambayo toleo lake dogo lina vigezo milioni 418, kisha unaiongezea mafunzo kwa jozi zako za sentensi, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule. NLLB-200 ya mwaka 2022 nayo inakijua Kiswahili vizuri, ila leseni yake hairuhusu matumizi ya biashara, na Karatu inaishi kwa biashara ya wageni. Leseni ya M2M-100 inaruhusu.

Tuseme una jozi elfu tatu: matangazo ya geti, ratiba za safari, maelezo ya vyumba, maswali ya wageni na majibu ya waongozaji. Kwa fani hii jozi elfu tatu ni chache, na uchache huo unaamua mengi. Kiwango cha kujifunza kiwe kidogo, kama 0.00002, na mizunguko iwe michache. Kila baada ya mzunguko upime kwa sentensi ambazo modeli haijafunzwa nazo, na makosa ya huko yakianza kupanda usimamishe, kwa sababu modeli imeacha kujifunza na inakariri. Changanya pia jozi za kawaida za habari na maisha, la sivyo itajua ratiba za Ngorongoro na kusahau mengine.

Kabla ya hayo yote, tenga jozi za mtihani, na uzitenge kwa hati nzima badala ya sentensi mojamoja. Matangazo hujirudia sana. Sentensi ya geti la Lodoare ikiwa kwenye mafunzo, na dada yake, sentensi ya geti jingine yenye maneno yaleyale, ikiwa kwenye mtihani, modeli itapata alama nzuri kwa jambo ambalo haikulielewa.

Alama zenyewe ndizo zinazotupeleka kwenye usomaji. Kipimo kimoja kinachotumika sana ni chrF, alichokipendekeza Maja Popović mwaka 2015. Hulinganisha vipande vya herufi vilivyomo katika tafsiri ya modeli na vilivyomo katika tafsiri ya mtu. Lugha zenye viambishi vingi kama Kiswahili zinafaidika nacho, kwa kuwa neno lililokosewa kiambishi kimoja halihesabiwi kuwa kosa zima. Sasa rudi kwenye mistari ile mitatu. Kati ya mstari sahihi na ule wa modeli, tofauti ni tarakimu tu. Herufi nyingine zote zimelingana, hivyo alama itakuwa ya juu. Mwongozaji mzoefu akitafsiri sentensi ileile kwa maneno tofauti, aseme kwamba wageni huruhusiwa kuingia kuanzia alfajiri ya saa kumi na mbili hadi jua kuzama, na akaziandika saa zake kwa maneno ya Kiingereza yaliyo sahihi kabisa, alama yake itashuka vibaya. Kipimo kitampa ushindi anayepotosha na kumwangusha anayesema kweli. Hilo halikifanyi chrF kuwa kipimo kibaya: kwa wastani wa sentensi elfu moja hukuonyesha modeli inaelekea wapi. Lakini hakitakuambia lolote kuhusu saa.

Hata mitihani mikubwa ya dunia haitakuambia. FLORES-200, inayotumika kulinganisha modeli za lugha nyingi, ina fungu la mtihani la sentensi 1,012, nazo zimetokana na maandishi ya miradi ya Wikimedia: habari, elimu kwa watoto, maelezo ya safari. Ni sentensi nzuri, ila hazikuandikwa na mtu mwenye wasiwasi kwamba gari lake litafika getini limefungwa.

Kwa hiyo inabidi usome, na kusoma kuna hesabu yake. Chukulia kosa fulani hutokea katika sentensi moja kati ya mia. Ukiokota sentensi 50 bila kuchagua ukazisoma zote kwa makini, uwezekano wa kutolikuta hata mara moja ni kama 60 kwa mia. Ukisoma 100 usione kosa, bado huna haki ya kusema halipo. Unachoweza kusema kwa uhakika wa kawaida wa takwimu ni kwamba halizidi 3 kwa mia. Ukitaka kusema halizidi 1 kwa mia, soma 300 bila kukuta hata moja. Kanuni ni nyepesi: gawa 3 kwa idadi uliyosoma. Naipenda hesabu hii kwa sababu inamfanya mtu asidai zaidi ya alichokiona.

Kumbe basi kuokota ovyo peke yake hakutoshi. Inafaa kuzitenga sentensi za hatari ziwe fungu lao:

```
grep -wi 'saa' tafsiri.tsv > saa.tsv
shuf -n 100 saa.tsv > sampuli.tsv
```

Mstari wa kwanza unakusanya kila sentensi yenye neno saa, na wa pili unaokota mia moja kwa bahati nasibu. Fungu la pili uliokote kutoka kwenye sentensi zilizobaki. Ukitaka kusema ubora wa kazi nzima, kila fungu lipewe uzito kulingana na wingi wake katika matangazo halisi, maana ukijumlisha makosa ya mafungu yote mawili kiholela utaiona modeli mbaya kuliko ilivyo.

Sasa ingia ndani ya fungu la saa, maana humo ndimo ufundi unapong'aa. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba jozi zenyewe za mafunzo hazikubaliani. Mmoja aliandika saa 12 asubuhi, mwingine akaandika saa 6 asubuhi akiwa na maana ileile, kwa kuwa alitafsiri kutoka kwenye ratiba ya Kiingereza bila kubadili hesabu. Katika jozi milioni, kasoro kama hiyo ingezama. Katika elfu tatu, jozi kumi za namna hiyo zinaweza kuiyumbisha modeli. Dawa ni kuzipitia kwa mkono zote zenye saa, kuzirekebisha, kisha kuongeza jozi mpya zinazogusa saa zote na vipindi vyote vya siku: saa 11 alfajiri na saa 11 jioni, saa 6 mchana na saa 6 usiku.

Unanoa tena, unaokota tena, na geti la Lodoare sasa linafunguliwa kwa wakati. Usishangilie. Endelea kushuka kwenye orodha mpaka ukute sentensi ya aina hii: kutoka Arusha hadi getini ni mwendo wa saa tatu. Modeli iliyoshiba jozi za saa inaweza kuandika kwamba safari ni ya saa tisa. Imejifunza kuongeza sita, ila haijajifunza lini isiongeze. Muda wa safari si saa ya ukutani, na Kiswahili huvitaja vyote viwili kwa neno lilelile. Kosa hili halikuwepo kabla ya marekebisho. Marekebisho ndiyo yaliyolizaa, na wastani wa alama unaweza kupanda huku lenyewe likiingia. Tiba yake ni kuweka jozi za muda sambamba na jozi za saa, na kuanzia hapo kuzisoma kama fungu la tatu kila unaponoa.

Wasomaji wawe wawili, kila mmoja asome peke yake bila kuambiwa ipi ni tafsiri ya modeli ya zamani na ipi ni ya modeli mpya. Alama tatu zinatosha: sahihi, kasoro ndogo, kosa linalopotosha. Mwalimu wa lugha na dereva wa utalii ni jozi nzuri sana. Mwalimu ataona upatanisho wa maneno. Dereva ataona kwamba hakuna gari linaloteremka kreta usiku. Wasipokubaliana, kaeni na sentensi hiyo, maana mara nyingi ina jambo. Kwa mfano, gari litaondoka Jumamosi saa 8 usiku. Mmoja atasema ni usiku wa kuamkia Jumamosi, mwingine atasema ni wa kuamkia Jumapili, na wote wawili wana hoja. Hapo modeli haina kosa. Sentensi irudishwe kwa aliyeiandika, aseme usiku upi, kabla mtu hajaachwa na gari.

Ukiwa na jozi zako chache, za geti, za zahanati au za ushirika wa vitunguu wa Mang'ola, tafadhali usianze kwa kuuliza alama ni ngapi. Tenga sentensi zote zenye saa, okota mia, mpe mtu anayepajua mahali hapo azisome kwa kalamu mkononi, na usibandike tangazo lolote ukutani kabla hajamaliza.