Sifa za Mwitikiaji

Mpigie mtu simu, umpe habari ndefu, naye akusikilize kwa adabu zote bila kutoa sauti. Hutafika mbali. Sentensi mbili tatu tu utakatiza habari yako mwenyewe uulize, "Haloo? Upo?" Naye alikuwepo, tena alikuwa makini, pengine alikuwa akitikisa kichwa muda wote. Ila simu haionyeshi kichwa. Ndipo unapogundua kwamba mkiwa mmekaa pamoja kuna kazi mwenzio huifanya bila kuitangaza, na kwamba wewe unayesema umeiegemea kuliko ulivyodhani.

Tunawasifu wasimulizi. Mwitikiaji, yule wa "mm" na "enhe" na "kumbe!", hakuna anayemkumbuka habari ikishakwisha. Naona tunamdhulumu. Mmarekani mmoja, Victor Yngve, aliandika mwaka 1970 kwamba katika mazungumzo njia hazipo moja bali mbili: ya mwenye zamu ya kusema, na nyingine ndogo ya nyuma, ambayo msikilizaji hupitishia vijisauti vyake bila kumnyang'anya mwenzie zamu. Wazee wa vijijini hawakuhitaji kuambiwa hilo, lakini ni vizuri lilivyoandikwa.

Itazame "mm" yenyewe. Hutamkwa mdomo umefungwa, pumzi ikipitia puani, na hapo ndipo ulipo ufundi wake, kwa sababu anayefungua mdomo anaonekana anataka kusema. Anayevuma ndani ya mdomo uliofungwa anajulisha kwamba zamu haitaki. Anaweza kufanya hivyo huku anatafuna, na msemaji asilazimike kusimama. Mlio nao una uzito wake: ukipanda kidogo mwishoni maana yake endelea, "mh" moja fupi inayoanguka ni ya shaka, na ile inayokatwa katikati kooni, "mh-mh", ni kukataa kabisa.

Halafu kuna wakati wa kuitikia. Mwaka 2000 Nigel Ward na Wataru Tsukahara walichapisha uchunguzi wao wa mazungumzo ya Kiingereza na Kijapani. Waliona kwamba mara nyingi msemaji huishusha sauti yake kwa kitambo kidogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, na msikilizaji huitikia muda mfupi baadaye, sekunde nzima haijaisha. Hakuna anayefundishwa hili darasani. Kiswahili sijui kama kimepimwa hivyo, ila sikio linatosha kusikia sauti inavyoshuka baada ya "nikafika pale..." na nafasi ndogo inavyoachwa hapo.

Chukua mzee wa Endabash, huku Karatu, kwenye ardhi iliyoinuka upande wa mashariki wa Ziwa Eyasi. Amekaa kwenye benchi nje ya nyumba na kijana, mjukuu kwa heshima ya ukoo. Wote wawili ni Wairaqw, lakini siku hiyo wanaongea Kiswahili kwa sababu yupo mgeni. Mzee anasimulia habari ya mtamba wake aliyepotea.

"Nikasema niende mwenyewe kumtafuta."

"Enhe, babu."

"Jua limeshazama kule Eyasi."

"Mm."

"Nafika kwenye lile korongo, nasikia kitu kinakoroma chini."

Hapa kijana hasemi "mm". Anavuta pumzi, anainua kichwa. Mzee ameliona hilo, na sentensi inayofuata anaipunguzia mwendo: "Kumbe ndiyo yeye. Miguu ya mbele imeshateleza, imebaki ya nyuma tu."

"Yalaa!"

Viitikio hivi havifanani kazi. "Enhe" na "mm" vingefaa popote katika habari yoyote. "Yalaa!" inafaa hapo tu, na anayeitoa amethibitisha kwamba analiona korongo na anaiona miguu ya nyuma. Kutokana na ile ya kwanza mzee anajua njia iko wazi. Ile ya pili inamwonyesha amefika wapi ndani ya kichwa cha mwenzie, naye anaamua papo hapo aongeze nini na aruke nini.

Sasa simu ya kijana inawaka mfukoni. Anaitoa, anasoma, huku anaendelea: "mm... mm." Idadi haijapungua. Lakini mzee amefika kwenye kamba, kwenye majirani waliokuja kuvuta, kilele chenyewe, na ghafla habari inalegea. "Basi, tukamtoa." Ananyamaza. Halafu anarudi nyuma: "Maana udongo wa pale, unajua, ukilowa... yaani ilikuwa hatari kweli." Anaitetea habari ambayo dakika moja kabla haikuhitaji wakili.

Jambo hili limejaribiwa. Kule Kanada, Janet Bavelas na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, waliwapa watu kazi ya kusimulia jinsi walivyoponea chupuchupu. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya siri: kuhesabu maneno ya msimulizi yanayoanza na herufi "t". Wasikilizaji hao walisikia kila neno, pengine kuliko mtu yeyote, ila habari yenyewe haikuwaingia. Viitikio vyao vya kufaa mahali vilikauka kabisa au karibu. Wasimulizi wao nao waliharibika, hasa mwishoni: walikatisha ghafla, au walizunguka wakieleza kwa nini tukio lilikuwa la hatari. Msimulizi mzuri, basi, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine imekaa mbele yake.

Wairaqw wameipa nusu hiyo nafasi ya heshima. Katika slufay, maombi ya baraka yanayosemwa kwa mpangilio wa kishairi, mzee mmoja huongoza na waliokusanyika huitika kwa pamoja. Sioni kama wale ni watazamaji. Kila kiitikio humpa kiongozi pumzi na nafasi ya kuvuta mstari unaofuata, na baraka iliyosemwa na mtu mmoja bila kuitikiwa haijawa ya watu wote.

Viitikio vinapoharibika, dalili ni rahisi kuzijua. "Enhe-enhe-enhe" ya harakaharaka humwambia msemaji amalize aondoke. "Mm" iliyokuja katikati ya neno humfanya arudie. Daktari anayeandika huku anasema "ndiyo, ndiyo" hupewa dalili mbili za mgonjwa, na ya tatu mgonjwa hurudi nayo nyumbani. Na kijana aliyelelewa kutomkazia macho mzee hawezi kutegemea kichwa na uso. Sauti yake ndiyo inayobeba mzigo wote, kwa hiyo usidhani aliyeinamisha macho hasikilizi kabla hujamsikia anavyoitikia.

Kosa la gharama zaidi ni la msemaji mwenyewe, anapochukua zaidi ya alichopewa. Mnunuzi wa mbaazi anafika uani kwa mkulima, anaeleza bei ya soko, usafiri, magunia, ushuru. Mkulima anaitikia vizuri kila hatua: "mm", "enhe", "sawa". Mnunuzi anaondoka akijua amekubaliwa, anakodi gari, anarudi na kukuta mbaazi zimeuzwa kwa mwingine. Analalamika kwamba amedanganywa. Mkulima anashangaa: alimsikiliza mgeni wake mpaka mwisho kama inavyopasa, bei hakuwahi kuitaja. Wanunuzi waliozoea huku hawaondoki na "mm". Wakimaliza maelezo hunyamaza, wakangoja mwenye mbaazi aitamke bei kwa kinywa chake, hata chai ikipoa.